Jicho moja zima, nyundo na msumari: miwani ya fundi wa majahazi

*"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa majahazi, naunda mashua Matondoni, Lamu. Umri wangu miaka 45. Jicho la kushoto liliumia nikiwa mdogo, huona mwanga na kivuli tu. La kulia ni zima, ila siku hizi namba za futikamba zinanishinda. Muuza miwani mmoja kaniambia nichukue ya vioo halisi kwa kuwa haikwaruziki, na upande wa kushoto niweke chochote maana hauoni. Nichukue ipi nisije nikalipoteza na hili lililobaki?"*

Marahaba, fundi. Hiyo ya vioo usiichukue, na upande wa kushoto usiweke chochote tu. Unachohitaji ni lenzi za polikaboneti pande zote mbili, ndani ya fremu ya kinga iliyoundwa kwa ajili ya kazi, nawe uivae tangu unapoingia bandani mpaka unapotoka. Mimi ni mpima macho hapa Malindi, na mafundi wa mbao na wa boti ni watu ninaowaona kila wiki. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, na wapi hata miwani hiyo haitoshi.

Tuanze na kitu ninachokiogopa zaidi kwa mtu wa kazi yako. Wengi hudhani ni vumbi la mbao au kijiti cha kuni. Hivyo vinaudhi, lakini mara nyingi huishia juu ya jicho, vikatolewa, jicho likapona. Hatari yako kubwa ni chuma kugonga chuma. Unapopigilia msumari mrefu kuushika ubao kwenye taruma, au unapogonga kichwa cha patasi kuukuu ambacho kingo zake zimekunjuka kama uyoga, kipande kidogo kinaweza kuruka kutoka kwenye nyundo, kwenye patasi au kwenye msumari wenyewe. Huwa kidogo kama punje ya mchanga, chenye makali, na huenda kwa kasi ambayo kope haiwahi kufumba. Kinapita kwenye kioo cha mbele cha jicho, tunachokiita konea, kinaingia ndani na tundu linajifunga nyuma yake. Damu haionekani. Maumivu yanaweza kuwa madogo kuliko ya pilipili.

Nilimpokea seremala mmoja siku ya nne baada ya jambo kama hilo. Alikuwa anang'oa msumari wenye kutu kwa kuupiga ubavuni. Alihisi kama kapigwa na kipunje, akafikicha, akaosha uso, akaendelea na kazi. Siku ya pili aliona ukungu kidogo akadhani ni usingizi. Siku ya nne alikuja kuniomba dawa ya matone. Nilipomulika jicho kwa darubini ya mezani niliona mstari mwembamba kwenye konea, hauzidi milimita 2, na mboni iliyotakiwa kuwa duara ilikuwa imevutika upande mmoja kama tone la maji. Picha ya eksirei ikaonyesha chuma kimekaa nyuma ya jicho. Alipelekwa Mombasa akafanyiwa upasuaji, chuma kikatolewa, lakini njia kiliyopita ilikuwa imeshachana utando wa nyuma, ule unaopokea picha. Leo jicho lile huhesabu vidole vikiwa karibu na uso. Bado ana jicho la pili, anafanya kazi yake. Kisa hicho hicho kikikupata wewe upande wa kulia, hakuna la pili la kubeba kazi. Ndiyo maana sikupi ushauri ule ule ninaompa mwenye macho mawili.

Sasa tuje kwenye lenzi. Kioo halisi ni kigumu, na muuza miwani alisema kweli kwamba hakikwaruziki upesi. Lakini ugumu na ustahimilivu ni mambo mawili tofauti. Kioo hakijui kupinda. Kikipigwa kwa nguvu hupasuka, na vipande vyake ni wembe ulio sentimita moja na nusu tu kutoka kwenye jicho lako. Miwani iliyokusudiwa kukulinda inageuka kuwa silaha ya pili. Plastiki ya kawaida, ile ambayo maduka mengi huiita tu lenzi ya plastiki, ni afadhali kuliko kioo kwa kuwa ni nyepesi na vipande vyake si vikali sana, lakini nayo hupasuka.

Polikaboneti ni plastiki ya namna nyingine. Ndiyo inayotumika kwenye ngao za kuonea mbele za askari wa kutuliza ghasia. Ikipigwa hunepa, hubonyea, huisambaza nguvu ya pigo kwenye eneo pana, kisha hurudi au hubaki na alama ya shimo dogo. Kipimo kimoja kinachotumika Marekani kwa miwani ya kazini ni kuifyatulia gololi ya chuma yenye upana wa milimita 6.35 kwa mwendo wa takriban mita 45 kwa sekunde, na lenzi haitakiwi kupasuka, kutoboka wala kuchomoka. Polikaboneti yenye unene wa milimita 2 tu hufaulu mtihani huo. Kwa fundi anayepiga chuma mimi huagiza milimita 3 katikati ya lenzi, kwa sababu uzito unaoongezeka ni mdogo. Ipo na aina ya pili iitwayo Traiveksi, nyepesi zaidi kidogo, inayotoa picha safi zaidi pembeni na isiyoogopa kemikali sana. Ukiipata, nayo inafaa. Lakini usikae miezi ukiisubiri na huku unapiga misumari bila kitu usoni.

Lenzi nzuri ndani ya fremu mbaya ni nusu ya kazi. Fremu za urembo zina mfereji mwembamba wa kushikia lenzi. Pigo likija kutoka mbele, lenzi inaweza kubaki nzima lakini ikachomoka na kurudi nyuma, ikakugonga jichoni. Fremu ya kinga huwa na mdomo upande wa ndani unaoizuia lenzi isirudi nyuma, na ina ngao pembeni. Utaitambua kwa alama zilizochapwa juu yake. Kwenye mkono wa fremu ya kipimo cha Marekani tafuta Z87-2, ambayo maana yake ni fremu ya kinga iliyoundwa kupokea lenzi za kupimiwa, na alama ya + huonyesha kuwa imefaulu mtihani mkali wa gololi. Lenzi nayo huwa na alama yake pembeni pamoja na +. Ukiona miwani ya Ulaya, tafuta EN 166 na herufi F au B. B ni kali zaidi, nayo hupatikana kwenye miwani ya kuziba. Fremu isiyo na alama yoyote, hata muuzaji akiapa, ichukulie kuwa ya urembo.

Hapo kwenye ngao za pembeni, kwako kuna jambo ambalo mwenye macho mawili hahitaji kulifikiria. Jicho la kulia pekee huona upande wa nje takriban nyuzi 100 na upande wa puani takriban 60. Upande wa kushoto umeshapoteza kipande kizima. Ukivaa fremu yenye mikono minene au ngao nyeusi isiyopitisha mwanga, unaukata na ule wa kulia. Sisitiza ngao za pembeni ziwe angavu, na mkono wa fremu uwe mwembamba au ushikie juu, usawa wa nyusi. Ivae dukani, tazama mbele bila kugeuza kichwa, kisha mwambie mtu alete kidole taratibu kutoka nyuma ya bega lako la kulia. Kidole kikionekana umbali ule ule ukiwa na miwani na ukiwa huna, fremu hiyo ni yako. Kikichelewa sana, jaribu nyingine.

Upande wa kushoto sasa. Aliyekwambia uweke chochote alikuwa anafikiria kuona tu, hakufikiria ulinzi. Jicho lako la kushoto bado ni kiungo hai. Huona mwanga, na kivuli kinachokatiza upande huo ni onyo la bure kwamba kuna mtu au ubao unakuja. Lakini sababu nzito zaidi ni hii. Jicho likitobolewa na chembechembe za ndani yake zikafika kwenye damu, mara chache sana mwili huanza kuzipiga vita kama vile ni adui, na vita hivyo huvuka hadi kwenye jicho zima la upande wa pili. Madaktari huliita jambo hilo kwa jina linalotokana na huruma, kana kwamba jicho zima linaugua kwa kumhurumia mwenzake. Linaweza kuanza wiki kadhaa baada ya jeraha, na linaweza kuanza baada ya miaka. Ni nadra, wala sitaki ulale nalo kichwani, lakini kwa mwenye jicho moja hiyo ni njia ambayo jeraha la kushoto linaweza kukuharibia la kulia. Kwa hiyo kushoto weka polikaboneti ya unene ule ule. Kwa kuwa upande huo hauhitaji namba, fundi wa lenzi ataweka lenzi inayolingana na ya kulia kwa sura na uzito ili miwani isilale upande. Lenzi hiyo tunaiita ya kusawazisha.

Na kwa kuwa uliumia utotoni, ukiona jicho hilo la kushoto linaanza kuuma au kuwa jekundu, au la kulia linachukia mwanga na kuona ukungu, sema wazi kwa daktari kwamba la kushoto lina historia ya jeraha. Historia hiyo hubadilisha anachokitafuta.

Kuhusu namba za futikamba, hilo ni la umri. Kuanzia miaka arobaini lenzi asilia iliyo ndani ya jicho hukakamaa, haibadiliki umbo upesi kuangalia karibu. Jicho halijachoka kwa kufanya kazi peke yake. Nimewahi kuwasikia watu wenye jicho moja wakijinyima kusoma usiku wakidhani wanalimaliza. Jicho halimaliziki kwa kutumiwa, na kulipumzisha hakuliongezei maisha.

Swali ni namba hiyo ya karibu uiweke wapi. Watu wengi wa umri wako huchukua miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea. Kwa karani ni sawa. Kwako, ukisimama kwenye jukwaa la boriti pembeni mwa mashua ukatazama chini unapokanyaga, utakuwa unatazama kupitia sehemu ya kusomea, na ubao ulio mita moja na nusu chini utaonekana na ukungu na umesogea. Mwenye macho mawili hujisaidia kwa kulinganisha picha mbili. Wewe kina cha kitu unakijua kwa njia nyingine ulizozizoea tangu utoto: unasogeza kichwa kidogo uone kipi kinasogea zaidi, unatazama vivuli, unajua ukubwa wa vitu. Ukungu huvuruga njia hizo zote. Kwa hiyo ningependelea miwani yako ya kazi iwe ya mbali tu, na kama jicho la kulia ni zima kweli, huenda isihitaji namba yoyote. Umbali wa mkono ulionyooka bado utauona. Kwa futikamba na penseli mwombe aliyekupima akuwekee kipande kidogo cha kusomea, chini kabisa na upande wa puani, au utengeneze miwani ya pili ya kinga yenye namba ya kusomea, ya kuvaa ukiwa umekaa unapima na kuchora. Chaguo hilo la pili ni ghali zaidi, nami nalipenda zaidi kwa anayepanda juu. Miwani ya kusomea ya barabarani usiivae kazini hata dakika moja. Hiyo ni plastiki ya kawaida kwenye fremu ya urembo.

Polikaboneti ina aibu zake. Kwa asili ni laini, hivyo agiza iliyopakwa ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Hata hivyo kinachoiharibu zaidi huku kwetu ni jinsi tunavyoifuta. Vumbi la mbao, mchanga na chumvi ya bahari vikiwa juu yake, ukachukua ncha ya shati au kikoi ukasugua pakavu, umepiga msasa. Imwagie maji baridi kwanza, tia tone la sabuni ya vyombo, isugue kwa vidole, suuza, kisha ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Thina, petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni sumu kwake. Huweka nyufa ndogo kama utando wa buibui, na lenzi yenye nyufa hizo hupasuka kwa pigo ambalo ingelistahimili. Banda la kuundia mashua lina makopo ya thina kila kona, kwa hiyo hili nalisema kwa msisitizo. Ukiona nyufa za aina hiyo, hasa karibu na ukingo, au shimo la pigo mbele ya jicho la kulia, badilisha lenzi. Iliyopokea pigo moja kubwa imeshafanya kazi yake.

Kasoro nyingine ni jasho na mvuke. Kaskazi ikilegea na hewa ya Lamu ikawa nzito, miwani hujaa ukungu, fundi huivua akaining'iniza shingoni, na msumari unaofuata humkuta hivyo. Karibu kila aliyeumia ninayemuuliza, miwani alikuwa nayo. Ilikuwa shingoni, mfukoni au juu ya kofia. Funga kitambaa kwenye paji la uso kinyonye jasho, chagua fremu yenye upenyo mdogo wa hewa juu, na asubuhi paka lenzi filamu nyembamba ya sabuni ya maji kisha ifute mpaka iwe angavu. Mvuke hautashika kwa saa kadhaa. Ukilazimika kuifuta katikati ya kazi, weka nyundo chini kwanza na usogee mbali na wenzako, maana msumari wa jirani hautambui kwamba wewe umepumzika.

Kuna kazi mbili ambazo miwani hiyo peke yake haitoshi. Ya kwanza ni grenda. Jiwe la grenda likipasuka hutoa kipande kizito, si punje, nacho huvunja mfupa wa uso. Vaa ngao ya uso mzima, na chini yake bakisha miwani. Watu hukosea wakidhani ngao ya uso inachukua nafasi ya miwani. Huwa wazi chini na pembeni, na cheche hupanda kutoka kidevuni. Simama ili cheche ziende mbali nawe, na mwenzako asikae upande wako wa kushoto usikomuona.

Ya pili ni chokaa. Mnapochanganya deheni, au kama unasaidia kupaka nyumba za mawe siku ambazo hakuna mashua, chokaa ndiyo hatari niiogopayo karibu sawa na chuma. Asidi huunguza juu ikasimama. Chokaa huyeyusha mafuta ya ngozi ya jicho na kuendelea kuzama ndani hata unapodhani imekwisha. Miwani yenye upenyo huiruhusu kuingia. Kwa kazi hiyo vaa miwani ya kuziba pande zote, yenye mpira unaokumbatia uso. Ikikuingia, usikimbilie hospitali kwanza. Kimbilia maji. Ndoo ya maji safi ya kunywa iwe pale pale mnapochanganyia. Ikikosekana, tumia maji ya kisima, na ikikosekana kabisa, ya bahari. Mtu akufumbue kope kwa vidole, akumwagie mfululizo kwa nusu saa nzima, huku wewe ukizungusha jicho huku na huku. Vipande vilivyojificha chini ya kope vitolewe kwa ncha ya kitambaa kilicholowa. Ndipo uende hospitali, na njiani muendelee kuosha mkiweza. Maziwa, asali, maji ya majani, vyote viacheni.

Kuhusu jua, nitasema kidogo kwa sababu watu wanalichanganya. Rangi nyeusi ya lenzi hailindi kwa weusi wake. Kinacholinda ni uwezo wa kuzuia mionzi isiyoonekana, na polikaboneti huizuia karibu yote hata ikiwa angavu kabisa. Kwa hiyo miwani yako ya kazi iwe angavu. Ukiwa baharini mchana, au kwenye mchanga mweupe, tumia ya pili ya kijivu yenye kuvunja mng'ao wa maji, nayo iwe ya polikaboneti. Lenzi zinazobadilika rangi sikushauri kwa banda. Ukitoka juani ukaingia chini ya makuti hubaki na giza kwa dakika kadhaa, na wakati huo jicho lako pekee linatafuta ncha ya msumeno gizani. Jua letu na vumbi pia huchangia ile nyama inayoota kutoka kona ya jicho upande wa pua kuelekea konea. Kofia pana hulisaidia jicho dhidi ya hilo hata kabla ya miwani.

Mazoea ya kutembea na jicho moja unayo tangu utotoni, sitakufundisha. Nitaongeza mawili tu. Katika vichochoro vya Lamu, weka ukuta upande wako wa kushoto kila unapoweza, ili punda aliyebeba mawe na mtu mwenye boriti begani wapite kulia unakoona. Na kushuka kwenye boti maji yakiwa yamekupwa, shika kitu kwa mkono kabla ya kuamini mguu, hata kama ngazi hiyo umeshuka maelfu ya mara. Ukiwa na miwani mipya, wiki mbili za kwanza umbali utakudanganya kidogo.

Sasa siku ambayo jambo limetokea. Ukihisi kipunje kimekupiga wakati chuma kimegonga chuma, hata kama hakiumi, hata kama unaona, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Usifikiche, usibonyeze, usioshe kwa nguvu, usitie matone wala mafuta, na kitu kilichosimama jichoni usikitoe. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kiweke juu ya jicho kikiegemea mifupa ya nyusi na shavu bila kuligusa jicho, kibandike kwa plasta. Usile njiani, kwani huenda ukahitaji usingizi wa upasuaji. Taja neno "nyundo" kwa daktari wa kwanza utakayemkuta, na mwombe picha ya eksirei na sindano ya pepopunda. Usikubali kipimo cha picha kwa sumaku, kiitwacho MRI, kabla ya kuhakikishwa kwamba hakuna chuma jichoni, kwa sababu sumaku hiyo hukisogeza chuma ndani ya jicho. Chuma kikiachwa humo hupata kutu, na kutu hiyo huua utando wa nyuma polepole, kwa wiki na miezi, wakati mwenyewe anajiona kapona.

Na kuna jambo linalokuhusu wewe kuliko wengine wote: jicho hilo likifunikwa, hutaona njia. Hutaweza kuisoma simu, kupanda boti kwenda Mokowe wala kuvuka barabara Mombasa. Kwa hiyo panga leo, ukiwa mzima. Wenzako wawili bandani wajue kwamba jicho la kulia ndilo pekee, wajue nani wa kumpigia na nani atakayefuatana nawe, na nauli ya dharura ikae mahali wanapopajua.

Bila jeraha, njoo kupimwa mara moja kwa mwaka, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa na presha ya jicho ikapimwa, kwa sababu presha ya jicho huiba kuona kuanzia pembeni kimya kimya. Siku hiyo usije peke yako, kwani dawa ile itakutia ukungu kwa saa kadhaa. Kati ya miaka, kila Ijumaa simama mahali pale pale nyumbani, tazama nondo za dirisha na tarehe za kalenda ukutani. Nondo zikionekana zimepinda, tarehe zikafifia, ukaona vimulimuli vipya, nzi weusi wengi kwa ghafla, au pazia linaloteremka kutoka upande mmoja, usisubiri mwaka ukamilike wala usimpigie muuza miwani. Nenda hospitalini siku hiyo.

Ukishatengenezewa miwani, kabla hujamalizia malipo, iangalie alama zake mwenyewe kwenye mwanga, kisha niletee au mpelekee mpima macho yeyote aliye karibu nawe athibitishe unene na namba. Ni kazi ya dakika kumi.